Ameumwa na Nyoka: Tusome Bango la Onyesho

Ukifika kwenye onyesho la huduma ya kwanza, usiangalie tu kijana aliyelala chini akijifanya mgonjwa. Angalia pia bango lililobandikwa ukutani au ubao ulioandikwa chaki nyuma yake. Bango hilo lina mambo matatu: jina la dharura, hatua za kufuata, na kumbusho la kumpeleka mgonjwa kwa mganga. Maneno yake ni machache, na kila aliyejifunza kusoma anaweza kuyasoma. Leo tutalisoma bango moja pamoja, mstari kwa mstari. Ni bango la nyoka, kwa sababu sisi watu wa Rondo tunaishi naye msituni, shambani, na mara nyingine hata chini ya kitanda.

Bango lenyewe linasema hivi:

DHARURA: Ameumwa na nyoka.

HATUA: 1. Ondokeni karibu na nyoka. 2. Mlaze, asitembee. 3. Mvue pete, vikuku na viatu. 4. Funga banzi, usikaze. 5. Mbebe.

KUMBUSHO: Banzi si dawa. Dawa iko hospitali. Mpeleke sasa hivi, hata kama hana maumivu.

Tuanze na jina la dharura. Watu huuliza kwa nini hatukuandika "Ameumwa na kifutu" au "Ameumwa na koboko". Sababu ni kwamba mara nyingi aliyeumwa hakumwona nyoka vizuri. Mama anakusanya korosho chini ya mkorosho jioni, giza linaingia, majani makavu yamejaa. Anahisi kama amechomwa na mwiba, kisha anasikia kitu kikijikokota. Amwambie nani ni nyoka gani? Kama bango lingesema kifutu peke yake, jirani angesema, "Huyu hatujui kaumwa na nini, tusubiri tuone." Kusubiri huko ndiko kunakoua. Kwa hiyo jina linasema jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulijua: ameumwa, na aliyeuma ni nyoka. Hilo linatosha kuanza kazi.

Lakini ni vizuri kujua kwamba sumu za nyoka si za aina moja. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ni mnene na mvivu. Hakimbii mtu anapokuja. Hulala kimya, na madoa yake yanafanana na majani makavu. Ndiyo maana watu humkanyaga. Sumu yake huharibu nyama na damu. Maumivu huwa makali, mguu huvimba upesi, na uvimbe hupanda kutoka kwenye kifundo kuelekea gotini na pajani. Malengelenge hutokea, na damu inaweza kuvuja.

Koboko ni kinyume chake. Ni mrefu, mwembamba na mwepesi. Alipouma panaweza pasivimbe sana. Sumu yake huenda kwenye mishipa ya fahamu. Ndani ya nusu saa au saa chache kope za macho huanza kuanguka kama za mtu mwenye usingizi. Ulimi huwa mzito, mate humshinda kumeza, na mwisho kifua hushindwa kuvuta pumzi. Sasa unaona kwa nini kumbusho linasema "hata kama hana maumivu". Mguu ambao haukuvimba si ushahidi wa usalama.

Sasa twende kwenye hatua. Tuseme mama huyo wa korosho ameumwa juu ya kifundo cha mguu, saa 12 na robo jioni. Mwanawe yuko naye.

Hatua ya kwanza ni kuondoka karibu na nyoka. Wasogee hatua kadhaa, basi. Kijana asichukue fimbo kumsaka. Nyoka anayesakwa anaweza kumuuma mtu wa pili, na hapo nyumba moja itakuwa na wagonjwa wawili. Hata kichwa cha nyoka aliyekatwa kinaweza kuuma kwa muda baada ya kukatwa. Hospitali hawahitaji kuletewa nyoka. Kama yuko wazi na kuna simu yenye kamera, apigwe picha kutoka mbali. Kama hakuna, imetosha kukumbuka urefu, unene na rangi.

Hatua ya pili ni kumlaza mama, asitembee. Hii inahitaji maelezo, maana watu wengi hufanya kinyume. Mtu akiumwa huanza kukimbia kuelekea nyumbani. Sumu ya nyoka nyingi haiingii moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa damu. Huingia kwenye nyama, na kutoka hapo husafiri polepole katika vijishipa vidogo vinavyobeba maji ya mwili. Vijishipa hivyo havina moyo wa kuvisukuma. Husukumwa na nyama za mguu zinapojikunja na kujikunjua. Kila hatua unayotembea ni kama kupiga pampu ya kisima: unaisukuma sumu ipande. Mguu ukitulia, pampu imesimama. Hiyo ndiyo kazi yote ya huduma ya kwanza ya nyoka. Haiondoi sumu. Inaichelewesha mpaka mgonjwa afike penye dawa.

Basi mwana amlaze mama, azungumze naye kwa upole, amwambie kwamba dawa ipo na safari inaandaliwa. Mama akitulia, na mguu wake utatulia.

Hatua ya tatu ni kumvua vitu vinavyobana: kikuku, pete za vidole vya miguu, kiatu, soksi, na hata shanga. Fanya mapema. Mguu ukishavimba, kikuku hakitoki, nacho kitaukaba mguu kama kamba.

Hatua ya nne ni banzi, na hapa katika onyesho ndipo watu hukosea zaidi. Banzi ni ubao au fito iliyonyooka ya kuufunga mguu ili usijikunje. Fundi anayefunga mfupa uliovunjika anaijua. Kwa mama yetu tunatafuta fito mbili zilizo ndefu kuanzia katikati ya paja mpaka kupita unyayo, ili goti na kifundo vyote visichezecheze. Fito moja huwekwa nje ya mguu, nyingine ndani. Weka nguo laini kati ya fito na ngozi. Kisha funga kwa khanga iliyochanwa mapana: chini ya paja, juu ya goti, chini ya goti na juu ya kifundo. Usifunge juu ya kidonda chenyewe. Fito zikikosekana, funga mguu ulioumwa pamoja na mguu mzima, nao utakuwa banzi.

Unajuaje kama umekaza mno? Pitisha kidole kimoja chini ya khanga. Kama hakipiti, legeza. Kisha bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, uuachie. Wekundu urudi mara moja. Kama unabaki mweupe, au vidole vimekuwa baridi na ganzi, umekaza. Rudia kupima kila baada ya robo saa njiani, kwa sababu fundo lililokuwa sawa saa 12 na nusu linaweza kuwa kitanzi saa 1 mguu ulipovimba.

Mkono ukiumwa, ni kazi ile ile: banzi kutoka kiganjani mpaka kupita kiwiko, kisha mkono utundikwe shingoni kwa khanga.

Katika kila onyesho mzee mmoja huinua mkono hapa na kuuliza, "Mwanangu, sisi tulifundishwa na wazee kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha, tuchanje, tunyonye damu. Wengine walipona. Je, wazee walikuwa waongo?"

Hapana mzee, shikamoo, hawakuwa waongo. Walipona kweli. Lakini nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu, na hata mwenye sumu kali mara nyingine huuma bila kutia sumu. Mtu wa namna hiyo angepona kwa kamba, kwa jani, kwa jiwe la nyoka, au bila kufanyiwa kitu. Sifa huenda kwa dawa iliyokuwa karibu. Jiwe la nyoka, kwa mfano, ni kipande cha mfupa uliochomwa. Hushika kwenye kidonda kwa sababu hunyonya majimaji ya juu. Haliifikii sumu iliyokwisha kuzama ndani ya nyama.

Kamba iliyokazwa ni mbaya kuliko jiwe, maana jiwe halina madhara yake lenyewe. Kifutu akimuuma mtu, sumu yake inakula nyama. Ukifunga kamba, umeizuia sumu hiyo ibaki mahali pamoja, na papo hapo umeinyima nyama damu yake. Baada ya saa kadhaa mguu unaweza kuwa mweusi, na kinachobaki ni kuukata. Kuna watu waliofika hospitali wakiwa hai lakini mguu ukapotea kwa sababu ya kamba, wala si kwa sababu ya nyoka. Na kuchanja kwa wembe huongeza kidonda kwa mtu ambaye damu yake huenda haigandi. Damu hutoka isikome.

Kama umemkuta mgonjwa ameshafungwa kamba ya nguvu, usiikate kwa ghafla shambani. Sumu iliyozuiliwa inaweza kupanda kwa mkupuo. Andika saa iliyofungwa, harakisha safari, na mwache mganga aifungue akiwa na vifaa tayari.

Mgonjwa akilalamika kwa maumivu, unaweza kumpa panado. Asipewe asprini wala diklofenaki wala dawa nyingine za jamii hiyo, kwa kuwa zinasaidia damu kuvuja. Pombe asipewe kabisa. Maji anaweza kunywa kidogo kama anameza vizuri. Akianza kupaliwa au kope kuanguka, usimpe kitu chochote mdomoni. Akitapika au akilegea, mlaze ubavu ili matapishi yatoke nje yasiingie kwenye mapafu.

Hatua ya tano ni kumbeba. Hapa ndipo Rondo inapotupa kazi. Sisi tuko juu, na hospitali ziko chini: Nyangao iko kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, na Hospitali ya Mkoa ya Sokoine iko Lindi mjini. Wakati wa masika mteremko huteleza, na gari si jambo la kupata kila siku. Mgonjwa abebwe kwa machela mpaka barabarani. Blanketi moja na miti miwili vinatosha, au kitanda cha kamba. Bodaboda pia inafaa, ila mgonjwa asikae nyuma peke yake. Akae katikati, dereva mbele, na mtu mwenye nguvu nyuma akimshikilia, mguu wenye banzi ukiwa umetulia. Kusini mwa nchi ya Nepali, huko Asia, wanavijiji walijipanga hivyo hivyo kwa pikipiki za kujitolea, na vifo vya nyoka vikapungua. Hawakuwa na dawa mpya. Walichofupisha ni njia.

Kabla ya kuondoka, mtu mmoja apige simu zahanati au hospitali aulize: "Dawa ya sumu ya nyoka ipo?" Dawa hiyo haipatikani kila kituo. Ni bora kuambiwa mapema upitilize, kuliko kufika na kuanza safari ya pili usiku.

Na sasa kalamu yako ifanye kazi. Chukua kipande cha karatasi uandike mambo manne: ameumwa saa ngapi, ameumwa wapi mwilini, amefanyiwa nini, na ameanza kuona nini. Karatasi ya mama yetu ingesomeka hivi: "Saa 12 na robo jioni. Mguu wa kulia, juu ya kifundo. Amefungwa banzi, hakufungwa kamba, hakuchanjwa, amepewa panado vidonge 2. Saa 1 uvimbe uko nusu ya muundi." Pia chora mstari kwa kalamu kwenye ngozi pale uvimbe ulipofika, uandike saa pembeni. Baada ya muda chora mwingine. Mganga akiiona mistari hiyo atajua kwa kutazama tu kwamba sumu inapanda, na kwa kasi gani. Kwetu sisi wa zahanati mstari huo una thamani kuliko hadithi ndefu.

Njiani kuna jambo moja la kutisha ambalo lazima nilieleze. Aliyeumwa na koboko anaweza kushindwa kufungua macho, kusema na kusogeza kidole, huku akiwa anasikia kila neno. Msianze kulia kwamba amekufa. Kama kifua hakipandi, mlaze chali, inua kidevu chake kichwa kirudi nyuma, bana pua, weka mdomo wako juu ya mdomo wake, na umpulizie mpaka uone kifua kinapanda. Fanya hivyo mara 10 hadi 12 kwa dakika, mkipokezana, mpaka mfike. Sumu hiyo imezuia misuli ya kupumua. Mtu akipumuliwa na wengine mpaka apate msaada wa hospitali, anaweza kuamka na kurudi kwake mzima.

Tumefika kwenye kumbusho. Mabango mengi huliweka mwisho kwa herufi ndogo, kama salamu za kuagana. Kwa maoni yangu liandikwe kwa herufi kubwa kuliko zote. Mtu aliyeona onyesho zuri, banzi limefungwa safi, anaweza kurudi nyumbani akidhani ameona tiba. Siku mwanawe akiumwa, atamfunga banzi vizuri kabisa na kumlaza kitandani mpaka asubuhi. Banzi limefuatwa, na mtoto amepotea. Ndiyo maana bango letu linaanza kumbusho kwa maneno "Banzi si dawa".

Huko hospitali kuna nini ambacho hakipo nyumbani? Kwanza kuna kipimo kidogo cha damu. Wanachota damu kiasi cha mililita 2, wanaiweka katika kichupa cha kioo kikavu na safi, na kukiacha bila kukitikisa kwa dakika 20. Kisha wanakiinamisha mara moja. Damu ikiwa imeganda, ni habari njema, ingawa kipimo hurudiwa. Ikimwagika kama maji, wamejua sumu imeharibu ugandaji wa damu. Pili wanatazama kope, pumzi na uvimbe kwa saa 24 au zaidi, hata kama mgonjwa anasema amepona. Tatu, dalili za sumu zikionekana, wanampa dawa ya kupinga sumu ndani ya mshipa. Dawa hii hutengenezwa kwa damu ya wanyama kama farasi, na miili mingine huikataa kwa nguvu. Kwa sababu hiyo hutolewa mahali penye mganga na sindano ya kutuliza hali hiyo ikiwa tayari mezani. Si dawa ya kununua na kujichoma nyumbani. Humzuia sumu asiendelee, lakini nyama iliyokwisha kufa haiifufui. Saa unazookoa njiani ni nyama unayookoa mguuni.

Mama mmoja aliuliza kama mtoto mdogo hupewa dawa nusu. Hapana mama. Dawa nyingine hupimwa kwa uzito wa mtoto, lakini hii hupewa sawa na mtu mzima. Nyoka hapunguzi sumu kwa kuwa aliyemuuma ni mdogo. Sumu ni ile ile katika mwili mdogo, na kwa hiyo mtoto huzidiwa upesi zaidi. Mtoto akisema ameumwa, aaminiwe.

Swali la mwisho huwa la swila, yule anayetema mate. Hilo ni jambo jingine, na lina bango lake. Dharura yake inaandikwa: "Ametemewa sumu ya nyoka machoni." Ukilisoma bango la kuumwa ukamfunga mtu huyo banzi, hujamsaidia. Hatua yake ni maji. Fungua kope, mwagia maji safi mengi kutoka upande wa pua kwenda nje, usikome kabla ya dakika 15. Kama maji hayapo, hata maziwa yanafaa. Asisugue jicho, wala asitiwe majani wala dawa ya kienyeji. Na kumbusho lake linasema: mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe jicho, kwa sababu kidonda kwenye kioo cha jicho hakionekani kwa macho ya kawaida, nacho kinaweza kumtia upofu.